Tramadoli juu ya dawa ya sonona: mtetemo wa miguu usiupuuze

Mimi ni mfamasia, na mtu anayetumia dawa ya sonona akija na cheti cha tramadoli, simpi dawa kabla hatujazungumza. Tramadoli inajulikana kama dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, na ndivyo ilivyo, lakini ina kazi ya pili: huzuia serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, isirudi ndani ya seli hizo baada ya kutolewa. Dawa za sonona kama fluoksetini, sertralini na paroksetini nazo hufanya kazi hiyohiyo. Zikikutana, serotonini inaweza kuzidi kipimo, na hapo ndipo inapotokea sindromu ya serotonini. Wengi wanaotumia dawa hizi pamoja hawapatwi nayo. Anayepatwa anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache.

Fluoksetini na paroksetini ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Ini hutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 kuigeuza tramadoli kuwa kemikali nyingine, na kemikali hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi ya kutuliza maumivu. Dawa hizi mbili hukizuia kimeng'enya hicho. Basi maumivu hayapoi vizuri, na wakati huohuo tramadoli ambayo haijageuzwa, ile inayogusa serotonini, inaongezeka mwilini. Mgonjwa anaona dawa haimsaidii, anaongeza kidonge. Hapo anaongeza hatari kuliko nafuu.

Chukua mfano wa mama aliyetumia fluoksetini miligramu 20 kwa miezi kadhaa bila tatizo. Mgongo unamuuma, anaanza tramadoli miligramu 50 mara tatu kwa siku. Siku ya pili hajapata nafuu, anameza miligramu 100 kwa mpigo. Bado yuko chini ya miligramu 400, kiwango cha juu kwa mtu mzima kwa siku, kwa hiyo haoni kosa. Baada ya saa chache anatokwa na jasho jingi, tumbo linaharisha, moyo unamwenda mbio, hawezi kutulia kitini. Mikono inatetemeka, na miguu zaidi. Nyumbani wanasema ni wasiwasi tu, sonona imemrudia. Dhana hiyo ni ya hatari, kwa sababu inaweza kumfanya mtu aongezewe dawa ileile inayomdhuru.

Ninachotaka uangalie ni miguu na wakati. Wasiwasi unaweza kutoa jasho na kutetemesha mikono, lakini haufanyi wayo upigepige wenyewe. Daktari akiusukuma wayo wa mgonjwa ghafla kuelekea juu, unaendelea kuruka mara kadhaa bila mgonjwa kutaka. Akigongwa chini ya goti, mguu unarushwa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mboni za macho huwa zimetanuka. Kuhusu wakati, dalili nyingi huanza ndani ya saa 24 tangu dawa ianzishwe au iongezwe, na mara nyingi ndani ya saa sita. Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha hali hii, hivyo orodha ya dawa na saa zilipomezwa ndivyo vitakavyomwongoza daktari.

Dalili hizo zikianza, usimeze dozi inayofuata ya tramadoli wala ya dawa ya sonona, na uende hospitali siku hiyohiyo ukiwa na pakiti zote mkononi, hata za dawa ya kikohozi, kwani zenye dekstromethofani nazo huchangia. Usijiendeshe. Homa kali, mwili kukakamaa, kuchanganyikiwa au degedege ni dharura ya dakika hiyo. Usijaribu kuishusha homa hiyo kwa parasetamoli ukabaki nyumbani: joto linatoka kwenye misuli inayofanya kazi bila kupumzika, kwa hiyo parasetamoli hailigusi. Aliyechanganyikiwa asifungwe kamba wala kukandamizwa, maana kupambana kunaongeza joto.

Hospitalini dawa hizo husimamishwa, mgonjwa hupewa maji ya mshipa na dawa kama diazepamu ya kutuliza misuli na fadhaa. Isipotosha, siproheptadini, dawa inayopinga kazi ya serotonini, inaweza kuongezwa. Wengi hupata nafuu ndani ya saa 24, ila aliyekuwa akitumia fluoksetini anaweza kuchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu dawa hiyo hutoka mwilini polepole sana.

Kama huna dalili yoyote na unatumia zote mbili, usiache dawa ya sonona ghafla kwa kusoma haya. Mwulize aliyekuandikia kama maumivu yako yanaweza kutibiwa kwa dawa nyingine. Na ukiulizwa unatumia dawa gani, taja hata fluoksetini uliyoiacha mwezi uliopita: huchukua takribani wiki tano kuisha mwilini.