Jumla ya ulalo wa vipeo vya matriki: wanachokosea wengi

Chukua matriki hii ya 3 kwa 3:

```
A = 2 1 0
    1 3 1
    0 1 2
```

Jumla ya ulalo wake mkuu, tr(A), ni 7. Thamani aigeni zake, yaani zile namba λ ambazo Av = λv kwa vekta v isiyo sifuri, zikijumlishwa nazo zinatoa 7. Hilo wengi wanalijua. Matatizo huanza pale vipeo vinapoingia.

Dhana: tr(A²) hupatikana kwa kupandisha namba za ulalo kwenye kipeo cha pili.

Ukifanya hivyo utapata 4 + 9 + 4 = 17. Wengine hupandisha jumla yenyewe na kupata 49. Majibu yote mawili si sahihi. Zidisha A kwa A kwanza, ndipo usome ulalo:

```
A² = 5  5  1
     5 11  5
     1  5  5
```

Jumla ni 21. Pengo la 4 kati ya 17 na 21 limetoka kwenye zile namba 1 zilizo nje ya ulalo, ambazo hukutana zenyewe kwa zenyewe wakati wa kuzidisha. Kinachopandishwa kwenye kipeo ni thamani aigeni, si namba za ulalo. Kwa kipeo chochote k, tr(Aᵏ) ni jumla ya λᵏ zote.

Dhana: kanuni hii inahitaji matriki inayoweza kugeuzwa kuwa ya ulalo mtupu.

Haihitaji. Kila matriki ya mraba, ukikubali namba changamano, inaweza kuandikwa A = QTQ⁻¹, ambapo T ni ya pembetatu na thamani aigeni zimekaa kwenye ulalo wake. Basi Aᵏ = QTᵏQ⁻¹. Kwa kuwa tr(XY) = tr(YX), Q na Q⁻¹ zinafutana, na ulalo wa Tᵏ una λᵏ tu. Uthibitisho wote ndio huo.

Dhana: kujua jumla hizi hakutoshi kuzipata thamani aigeni zenyewe.

Zinatosha, na kwa matriki ya n kwa n unahitaji vipeo n tu. Tukiiita tr(Aᵏ) pₖ, kwa A yetu tumeshapata p₁ = 7 na p₂ = 21; A³ inatoa p₃ = 73. Kanuni za Newton hugeuza jumla za vipeo kuwa vizidishi e₁, e₂, e₃ vya polinomia bainifu, ile ambayo huwa sifuri pale λ inapokuwa thamani aigeni:

```
e₁ = p₁ = 7
e₂ = (e₁p₁ − p₂)/2 = (49 − 21)/2 = 14
e₃ = (e₂p₁ − e₁p₂ + p₃)/3 = (98 − 147 + 73)/3 = 8
```

Ishara hupishana, kwa hiyo polinomia ni λ³ − 7λ² + 14λ − 8, ambayo ni (λ − 1)(λ − 2)(λ − 4). Hakikisha: 1 + 4 + 16 ni 21, na 1 + 8 + 64 ni 73. Ukikosea ishara, kosa huonekana mara moja kwenye e₃, kwa sababu ni lazima ilingane na determinanti ya A.

Na p₂ ikitoka hasi, usikimbilie kufuta kazi. Matriki yenye safu 0 −1 na 1 0 ina p₁ = 0 na p₂ = −2, hivyo e₂ = 1 na polinomia ni λ² + 1. Matriki ni ya namba halisi, lakini thamani aigeni zake ni i na −i. Jumla ya miraba ya namba halisi haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo p₂ ilishakuonya mapema.

Dhana: jumla zikilingana, matriki zinafanana.

Matriki ya utambulisho ya 2 kwa 2 na ile yenye safu 1 1 na 0 1 zote zinatoa 2 kwa kila kipeo, ingawa si sawa hata ukibadili msingi. Thamani aigeni zinarudi. Umbo la matriki halirudi.

Dhana: basi hii ndiyo njia ya kutumia kwenye kompyuta.

Urbain Le Verrier aliitumia mwaka 1840, na kwa hesabu kamili za namba nzima bado ni nzuri. Lakini namba za desimali za kawaida kwenye kompyuta hubeba takriban tarakimu 16. Tuseme thamani aigeni ni 10⁸ na 10⁻⁹. Jumla yake, 100000000.000000001, inahitaji tarakimu 18, kwa hiyo kompyuta huhifadhi p₁ = 10⁸ na p₂ = 10¹⁶. Kisha e₂ = (10¹⁶ − 10¹⁶)/2 = 0, na thamani ndogo inageuka kuwa sifuri. Ilipotea wakati wa kujumlisha, kabla hata hujafika kwa Newton, na hakuna hatua ya baadaye itakayoirudisha. Ndiyo maana programu za hesabu hutumia njia ya QR, ambayo John Francis na Vera Kublanovskaya waliichapisha kila mmoja kivyake mwaka 1961, na ambayo haipitii polinomia kabisa.