Kodi ya mauzo kutozwa mara mbili kwenye bidhaa za punguzo mtandaoni

Mnunuzi anaona bidhaa ya punguzo imeandikwa 9,000, na chini yake maneno "kodi imejumuishwa". Anaitia kikapuni, lakini kwenye ukurasa wa malipo anadaiwa 10,800. Mchanganuo unasema: bei 9,000, kodi ya mauzo asilimia 20 ni 1,800, jumla 10,800. Hesabu inakubali na kodi imeandikwa mara moja tu, kwa hiyo wengi hulipa bila kushtuka.

Kosa limejificha ndani ya ile 9,000. Tuianze hesabu tangu mwanzo. Bei ya kawaida kabla ya kodi ni 10,000. Ukiongeza asilimia 20 inakuwa 12,000. Punguzo la asilimia 25 linaishusha hadi 9,000, kodi ikiwa bado ndani. Ukiitoa kodi hiyo, bei yenyewe ni 7,500 na kodi ni 1,500:

```
9,000 / 1.20 = 7,500
9,000 - 7,500 = 1,500
```

Mfumo wa duka ulipaswa kuishia hapo. Badala yake umeichukua 9,000 kana kwamba haijaguswa na kodi, ukaitoza tena asilimia 20. Mnunuzi amelipa 1,800 zaidi ya anachodaiwa kihalali.

Bidhaa zisizo na punguzo husalimika kwa sababu bei zake zinasomwa moja kwa moja kutoka kwenye hifadhi ya duka, na mfumo unajua kama zina kodi ndani au hazina. Bei ya punguzo mara nyingi hukokotolewa na programu ndogo ya ofa iliyopachikwa dukani. Programu hiyo ikichukua bei inayoonyeshwa kwa mteja, yaani 12,000, ikakata robo na kuirudisha 9,000 mahali panapotarajiwa bei isiyo na kodi, hatua inayofuata itaongeza kodi upya.

Kabla ya kulalamika, hakikisha hilo ndilo lililotokea. Yako maduka yanayoonyesha bei bila kodi na kuiongeza wakati wa kulipa. Huko 9,000 kuwa 10,800 ni sawa kabisa. Tia kikapuni bidhaa moja yenye punguzo na nyingine isiyo nalo, zote za kiwango kimoja cha kodi. Ikiwa bei ya ile isiyo na punguzo haibadiliki hadi kwenye malipo, lakini ya punguzo inapanda kwa asilimia ileile ya kodi, umelipata kosa. Jumla ikiwa 9,500, hilo ni jambo jingine: kodi imekokotolewa kwa bei ya kabla ya punguzo, 2,000 juu ya 7,500. Baadhi ya sheria za kodi zinaruhusu hivyo pale ambapo punguzo linafidiwa na mtengenezaji wa bidhaa, kwa kuwa muuzaji bado anapokea bei kamili.

Piga picha ya skrini ya ukurasa wa bidhaa wenye bei na maneno yale kuhusu kodi, pamoja na ukurasa wa malipo. Fanya hivyo mapema, maana ofa ikiisha bei ya zamani hurudi na ushahidi unapotea. Risiti peke yake haitoshi. Yenyewe inaonekana safi.

Kwa muuzaji, dawa ni kuielekeza programu ya ofa isome bei iliyohifadhiwa, au itoe kodi kwanza kwa kugawanya kabla ya kuirudisha. Usishushe kiwango cha kodi ili jumla ikae sawa, kwa sababu bidhaa zisizo na punguzo zitaanza kutozwa pungufu. Ukijaribu marekebisho, usitumie mteja wa majaribio aliyesamehewa kodi: asilimia sifuri ikitozwa mara mbili hubaki sifuri, na kosa halitaonekana.

Urejeshaji wa fedha nao unahitaji uangalifu. Wauzaji wengine huona kodi ya 1,800 kwenye risiti, wakairudisha yote na kufuta mstari wa kodi. Mteja anapata fedha zake sawasawa, lakini vitabu vinabaki na mauzo ya 9,000 yasiyo na kodi, na si kweli. Rekebisha ankara ya awali ili mauzo yashuke kutoka 9,000 hadi 7,500, na kodi kutoka 1,800 hadi 1,500. Hapo 1,500 inatoka kwenye mapato ya duka na 300 kwenye kodi, jumla 1,800. Kama kodi ya kipindi hicho ilishawasilishwa kwa mamlaka, kinachoombwa kurekebishwa huko ni ile 300. Ile 1,500 ilikaa dukani muda wote ikihesabiwa kuwa mauzo.