Maneno sita kwa ukurasa: kipimo cha kitabu cha lugha ya pili

*Nasoma riwaya ya Kiingereza na kamusi iko pembeni, kila neno gumu nalitafuta. Mbona baada ya kurasa tatu nimechoka na hadithi yenyewe siikumbuki?*

Ukiacha sentensi katikati ukafungua kamusi, unakuta maana nne au tano, unachagua moja, unarudi kitabuni. Nusu dakika imekwenda, na mwanzo wa sentensi umeshakutoka. Unaianza upya. Fanya hivyo mara ishirini katika ukurasa mmoja uone kama utamkumbuka mhusika hata kwa jina. Hata hivyo, kamusi naionea nikiilaumu peke yake. Kosa kubwa zaidi hufanyika mapema, wakati wa kuchagua kitabu.

Soma sentensi hii yenye neno moja nililolibuni: "Mzee alichukua fomba lake, akaenda shambani kupalilia mahindi kabla jua halijawaka." Fomba ni jembe, na hukuhitaji kuambiwa. Sasa soma hii: "Mzee alichukua fomba lake, akaenda luwini kupwinya dandu kabla chigo halijawaka." Fomba ni lile lile, ila sasa linaweza kuwa panga, kapu au hata gari. Maneno yaliyokuwa yakilifafanua nayo yamefichwa.

Mtaalamu wa msamiati Paul Nation wa Nyuzilandi na mwenzake Hu walilipima jambo hili kwa njia hiyo hiyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000: walichukua hadithi, wakabadilisha baadhi ya maneno kuwa ya kubuni. Msomaji alipojua asilimia 80 tu ya maneno, hakuna aliyeielewa ipasavyo. Kwenye asilimia 95 wachache waliweza. Hitimisho lao ni kwamba anayesoma bila msaada anahitaji kujua takriban asilimia 98.

Tuipeleke hesabu hiyo kitabuni. Ukurasa wa riwaya una maneno kama 300, kwa hiyo asilimia mbili ni maneno sita. Chukua penseli, fungua ukurasa wa katikati (wa kwanza hudanganya, maana huko mwandishi bado anatambulisha watu na mahali), piga mstari chini ya kila usichokijua. Majina ya watu na miji usiyahesabu. Ukipata sita au pungufu, kitabu ni chako. Kati ya saba na kumi na tano utafika, ila kwa jasho. Zaidi ya hapo kirudishe kabatini kwanza.

Wengi hupata thelathini, na hapo ndipo moyo huvunjika. Si ajabu: Nation alikadiria kuwa riwaya ya kawaida ya Kiingereza inadai familia 8,000 hadi 9,000 za maneno, familia ikiwa ni neno pamoja na ndugu zake, kama vile soma, msomaji na usomaji. Ndiyo maana kuna vitabu vya ngazi, vilivyoandikwa kwa maneno machache kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Mfululizo wa Oxford Bookworms, kwa mfano, huwa na maneno ya msingi 400 ngazi ya kwanza, hufika 1,000 ngazi ya tatu na 2,500 ngazi ya sita. Mtu mzima huona haya kushika kijitabu cha ngazi ya pili kwenye daladala, lakini akikimaliza kwa jioni mbili tatu, atakuwa amesoma kurasa nyingi kuliko mwenzake aliyekwama sura ya kwanza ya riwaya nene.

Baada ya ngazi ya sita kuna pengo kubwa kabla ya riwaya kamili. Hapo mimi hushauri hadithi za vijana au za upelelezi, na za mwandishi mmoja mfululizo. Kila mwandishi ana maneno anayoyapenda. Yaliyokusumbua kitabu cha kwanza yatakuwa wenyeji kufikia cha tatu. Kama hadithi inakuchosha yenyewe, si maneno yake, iache, chukua nyingine.

Kamusi nayo ingojee mwisho wa sura. Rudi kwenye mistari ya penseli utafute maneno mawili matatu tu: yaliyojirudia mara kadhaa, au yaliyobeba tukio ambalo bila hayo hujui nani kamfanya nani nini. Jina la ua lililotajwa mara moja bustanini liache lipite.

Kuna mtego mmoja ambao penseli haiuoni. Katika Kiingereza, kitenzi cha "kutoa" kikifuatwa na kijineno cha "juu" humaanisha kukata tamaa, na vipo vya namna hiyo kwa mamia. Kwa hiyo ukikuta sentensi ambayo kila neno unalijua lakini haina kichwa wala miguu, usisubiri mwisho wa sura. Fungua kamusi pale pale, tafuta kitenzi pamoja na kijineno chake, si kimoja kimoja.