Haller Park na familia ya rika zote: anzeni saa nane mchana

Familia nyingi huja Haller Park, bustani ya wanyama iliyoko Bamburi, Mombasa, saa tatu asubuhi zikidhani zinalikwepa jua. Zinapofika saa sita watoto wamechoka, bibi anatafuta pa kukaa, na viboko hawajaonekana. Tatizo liko kwenye ratiba ya kulisha. Kwa kawaida twiga hulishwa saa tano asubuhi na tena saa tisa alasiri, viboko saa kumi, na mamba mnamo saa kumi na nusu. Yaani asubuhi ina mlo mmoja tu, tena wakati jua linapanda kuelekea utosini, ilhali alasiri ina mitatu inayofuatana jua likishuka. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizeni langoni kabla ya kulipa.

Tuchukue familia ya bibi anayetumia dawa za presha, mama mwenye mtoto wa miezi minne, na watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine kumi na mmoja. Ushauri wangu ni wale chakula cha mchana mapema nyumbani, mdogo alale, kisha waingie langoni kama saa nane na robo. Ni kweli kwamba saa hiyo joto bado ni kali, hasa Februari na Machi ambapo Mombasa hufika nyuzi 32 na kupita. Ndiyo maana muda wa kwanza ni wa kivulini.

Na kivuli kipo. Hapa palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu la matumbawe lisilo na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller, ambaye bustani hii imepewa jina lake, alianza kupanda mivinje, kisha akaleta majongoo wale majani yaliyokauka na kuyageuza kuwa mboji. Mwonyesheni mtoto wa miaka kumi na mmoja jongoo mmoja chini ya mti, na mumwambie kwamba msitu huu umesimama juu ya kazi yake. Ila majani ya mvinje ni membamba kama sindano na hupitisha miale, kwa hiyo kofia isivuliwe. Kobe wakubwa nao watakuwa wamejilaza kivulini, kwani joto la mchana likiwakuta juani linaweza kuwaua. Msimwinue wala kumgonga gamba ili atembee.

Saa tisa kasorobo nendeni kwa twiga. Kufika nusu saa mapema kunamsimamisha bibi juani bila sababu, na kuchelewa nako si kuzuri, kwa sababu twiga akishashiba huondoka zake. Chakula ni punje kavu. Mtoto huziweka kwenye kiganja kilichokunjuliwa, vidole vikiwa pamoja, na ulimi mrefu mweusi wenye mate mazito huzizoa. Mtoto wa miaka mitano akiogopa, mtu mzima aweke kiganja chini ya chake. Akikataa kabisa, aangalie tu. Kisha kila mtu anawe kwa sabuni kabla ya kugusa kitafunwa, hata aliyeshika kobe tu, maana kobe hubeba bakteria wa salmonela, na walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano na wazee.

Watu wawili katika familia hii hawawezi kusubiri kiu iwakumbushe kunywa. Bibi, kwa sababu umri hupunguza hisia ya kiu na baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo. Apewe maji kidogo kidogo kila kituo, isipokuwa kama daktari amemwekea kipimo. Mtoto wa miezi minne hapewi maji, ananyonyeshwa mara nyingi zaidi. Na kigari chake cha kusukuma kisifunikwe kwa leso. Leso huzuia jua lakini huzuia hewa pia, na ndani joto hupanda haraka. Ingiza mkono umguse shingo. Ikiwa ya moto na yenye jasho, mtoe na umpepee.

Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, akae kivulini, alegezwe nguo, anywe maji na apepewe. Akichanganyikiwa au kuzimia, mmwagieni maji mwili mzima huku mkiita gari la hospitali. Jasho likiwa bado linamtoka lisiwatulize.

Nguvu zikipungua, acheni mamba, mbakize viboko. Kiboko hushinda majini siku nzima kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, na mgeni wa saa tano huona macho na pua tu. Saa kumi chakula kinapowekwa ndipo hutoka mzima mzima hadi ukingoni. Mdogo na bibi wapewe nafasi ya mbele, nyuma ya uzio, na asiwepo wa kupanda ukuta kwa ajili ya picha.