"Kadi nimemwonyesha, haelewi": dhana potofu kuhusu kadi za picha kwenye michezo

Ukizunguka skuli za Unguja na Pemba zenye elimu mjumuisho, sentensi moja utaisikia kila mahali, tena kwa maneno yale yale: "Mwalimu, kadi nimemwonyesha, haelewi picha." Baada ya hapo kadi ya picha, iliyokusudiwa kumwonyesha mtoto mwenye ulemavu wa akili la kufanya mchezoni, hurudi kabatini, na mtoto hurudi chini ya mwembe kuwatazama wenzake. Kwa hiyo nitaanza na hiyo, na nitakaa nayo zaidi kuliko nyengine.

Dhana: "Kadi nimemwonyesha, hakufanya. Basi haelewi picha."

Mara nyingi picha ameielewa vizuri sana. Kilichomshinda ni mchezo.

Chukua rede, au jina lolote mnaloiita mtaani kwenu. Warushaji wawili wanasimama pande mbili, mchezaji yuko katikati, anakwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa ya soda. Akipigwa, katoka. Sasa mwalimu ana kundi la watoto 12, wawili wao wana ulemavu wa akili, na ametengeneza kadi ya mtoto aliyeinama anatia mchanga kwenye chupa. Anamwonyesha mmoja wao, mwenye miaka 9. Mtoto anaingia katikati, anainama, anatia mchanga, na mpira unamkuta mgongoni. Anarudi tena, yanakuwa yale yale. Mara ya tatu hataki kuingia, na kwenye daftari inaandikwa kwamba kadi hazimfai.

Kadi ilimwambia ajaze, naye akajaza. Nani alimwambia akwepe? Rede inataka jicho liwe kwenye mpira na mkono uwe kwenye mchanga kwa wakati mmoja, na kushika mambo mawili akilini kwa pamoja ndiko kunakomlemea mtoto huyu. Picha moja hubeba tendo moja tu. Mchezo wenye matendo mawili ndani ya sekunde moja hauna kadi itakayouokoa, hata ikichapwa kwa rangi gani. Unakatwa kwanza mchezo, halafu ndipo inatengenezwa kadi.

Rede hukatwa hivi. Tenganisha wakati wa mpira na wakati wa mchanga. Wakati wa mpira, kila mrushaji anapata mirusho mitatu, na waliomo katikati kazi yao ni kukwepa tu. Ikitimia sita, mpira unawekwa ndani ya duara lililochorwa chini, kila mtu auone umelala. Hapo ndipo mchanga unaanza: kundi zima linahesabu kwa sauti hadi kumi, na waliomo katikati wanajaza. Ikifika kumi, mpira unachukuliwa tena. Kwa hiyo unahitaji kadi mbili, kwepa na jaza. Kadi ya tatu isubiri mpaka hizi mbili zimekaa, na kwa watoto wengi hilo huchukua vipindi kadhaa.

Vifaa navyo hukatwa. Mdomo wa chupa ya soda ni mwembamba, na mtoto ambaye vidole vyake havijakaza atamwaga mchanga wote nje halafu aonekane hajui kujaza. Mpe kopo la maziwa ya unga na kifuu cha kuchotea. Mpira uwe wa makaratasi ndani ya soksi: ni mwepesi, hauumi na hauendi mbali. Kwa kuanzia unabingirishwa chini kutoka hatua sita, kwa sababu mpira wa chini huonekana ukija na unampa mtoto nafasi ya kuamua. Wakishazoea, urushwe, lakini usipite juu ya goti.

Hapa huwa naulizwa kama wale kumi waliobaki hawatachoka na mchezo wa kitoto. Hawatachoka, maana si lazima wote wapate ugumu mmoja. Mtoto mwepesi anajaza chupa ile ile ya mdomo mwembamba, na warushaji wanamsogelea hadi hatua nne wakirusha badala ya kubingirisha. Chora mistari miwili kila upande, wa karibu na wa mbali, na kila anayeingia anajulikana mstari wake. Zamu ni zile zile na hesabu ya kumi ni ile ile kwa wote.

Sasa tuje kwenye kadi zenyewe. Kadi ya jaza ni rahisi: piga picha kifuu hicho hicho kikimimina mchanga kwenye kopo hilo hilo, nyuma kuwe na ukuta mtupu au shuka. Picha zinazotolewa mtandaoni, mtoto wa kigeni na ndoo yake ya plastiki ufukweni, zinamtaka mtoto wetu atafsiri mara mbili kabla hajashika kifuu.

Kadi ya kwepa ndiyo inayoharibika. Wengi huchora mpira na kuupiga alama ya mkato, wakimaanisha "usiguswe". Mtoto haoni mkato, anaona mpira, basi anaufuata kuudaka, na mwalimu anasema tena haelewi. Picha ionyeshe kinachotakiwa kufanywa: mtoto ameruka pembeni, miguu imeachana na ardhi, mpira unapita chini kando yake. Kabla ya mchezo, mwenzake mmoja aoneshe tendo hilo mara tatu, na kila mara kadi iwe juu.

Kama bado una shaka kuhusu picha, ipime nje ya mchezo. Weka chini kifuu, mpira na kiatu. Nyanyua kadi yenye kimoja kati ya hivyo, kisha useme "nipe". Rudia mara tano huku ukibadilisha kadi na mahali pa vitu. Akipatia mara nne au tano, picha anaisoma, na kosa ulitafute kwenye mchezo. Akipatia mara moja au mbili, inawezekana anabahatisha, hivyo acha kadi kwa sasa na unyanyue kifuu chenyewe kuwa ndiyo ishara. Picha itafuata, ikishikwa sambamba na kifuu kwa siku kadhaa.

Halafu kuna mdomo wa mwalimu. Kadi inanyanyuliwa usawa wa macho ya watoto, neno moja linasemwa, "jaza", na baada ya hapo kimya. Hesabu moyoni hadi saba. Saba ni ndefu ukiwa umesimama mbele ya watoto 12, ndiyo maana wengi hufika mbili tu na kuanza: "Jaza, jaza baba, chukua kifuu, si nimekwambia ujaze, haya inama." Kila neno jipya linamrudisha mwanzo yule aliyekuwa bado analishughulikia la kwanza. Saba ikipita bila kitu, onyesha kifuu kwa kidole. Bado? Fanya wewe akuone. Mwisho kabisa ndipo unamgusa kiwiko. Mzunguko unaofuata anza tena na kadi peke yake. Anayeshikwa mkono tangu mwanzo hujifunza kusubiri mkono.

Na utajuaje kama anaifuata kadi au anawafuata wenzake? Tazama anaanza lini. Akiinama kila mara baada ya jirani yake kuinama, anamwiga jirani. Hakuna ubaya, kuiga ni njia ya kucheza, ila usiandike kwamba anasoma kadi. Ingia naye katikati akiwa peke yake mzunguko mmoja, utaona.

Mizunguko ikienda bila kugusa kiwiko, anza kuziba pengo. Wakati wa kujaza, mpira mmoja unabingirishwa polepole hesabu ikifika tano, na kadi ya kwepa inanyanyuliwa hapo. Badilisha kitu kimoja tu kwa kipindi. Ukibadilisha mpira, mstari na kadi siku moja, hutajua kipi kimemwangusha.

Dhana: "Yeye tumsamehe, asitoke akipigwa."

Huruma hii humtoa mchezoni kabisa. Watoto si wajinga. Wakishaona kumpiga hakuleti kitu, wanaacha kumrushia, na anabaki katikati kama mti. Atoke, ila kutoka kuwe kufupi na kuonekane kwa wote: anakaa kwenye mkeka mzunguko mmoja, kisha anarudi. Sheria hiyo iwe ya watoto wote 12. Kadi yake ni picha ya mkeka huo huo, na hii ndiyo ile kadi ya tatu.

Dhana: "Kadi ni zake, wengine wanasikia."

Kadi moja kubwa, ukubwa wa A4, inanyanyuliwa kwa kundi zima, na watoto wanapokezana kuinyanyua, yeye akiwemo. Kadi ya mtoto mmoja humtia alama. Tena wanaosema wenzake "wanasikia" hawajajaribu kuhesabu ni wangapi hungoja kuona mwenzao kafanya nini. Mtoto wa kumsaidia abadilishwe kila kipindi. Nimechoka kuona msichana mmoja mpole akifanywa yaya wa mwaka mzima.

Dhana: "Ukimzoesha picha hatosema."

Tafiti zilizofuatilia watoto wanaotumia picha kuwasiliana hazikuonyesha usemi kupungua, na kwa baadhi yao uliongezeka. Neno linasemwa pamoja na kadi, kwa hiyo picha hailifukuzi.

Dhana: "Kadi avae shingoni, ili asiipoteze."

Hii si ya kubishana. Mchezo wa kukimbia na kamba shingoni haviendi pamoja, kamba hunasa kwenye tawi au kwenye mkono wa mwenzake. Kadi ndogo, kama sentimita 10 kwa 15, itobolewe pembeni, itiwe pete ya funguo na ininginie kiunoni mwa mwalimu.

Kuhusu laminesheni: inazuia jasho na unyevu wa masika, lakini saa nne asubuhi kwenye uwanja wa mchanga inang'aa kama kioo, na mtoto anaona jua badala ya kifuu. Inamishe kadi kidogo mbele, na usimame jua likiwa ubavuni mwako, maana ukilipa mgongo, watoto ndio watakaofinya macho. Nakala ziwe mbili za picha ile ile. Ikipotea moja ukaleta picha nyengine, umemletea kadi mpya, na utarudi kwenye kifuu, mpira na kiatu.