Ukiandika "unaweza kujitoa wakati wowote", malizia maelezo

Karibu kila karatasi ya maelezo kwa mshiriki inayopita mezani kwangu hapa Mbeya ina sentensi hii, au ndugu yake: "Ushiriki wako ni wa hiari na una haki ya kujitoa katika utafiti huu wakati wowote bila kuathiri haki yako ya kupata matibabu." Kisarufi haina kosa, na wajumbe wa kamati za maadili wameizoea kiasi kwamba jicho linaipita tu. Tatizo ni kwamba mtu akishaisoma bado hajui afanye nini. Amwambie nani? Atatakiwa kujieleza? Damu aliyokwisha kutoa itakuwaje? Na ile nauli aliyopewa mwezi uliopita, atadaiwa?

Kazi yangu ni kuzipitia karatasi hizi pamoja na watafiti kabla hazijaenda kuombewa kibali. Nichukue moja, ambayo nimeibadilisha kidogo isitambulike. Ni ya utafiti wa watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu katika vijiji vya Rungwe. Watafiti wanataka kujua kwa nini ndani ya nyumba moja huyu anaugua na yule, anayelala chumba hichohicho, haugui. Mshiriki anatolewa damu mara tatu ndani ya mwaka mmoja, mililita 20 kila mara. Anapimwa VVU. Akiwa na kikohozi anatoa makohozi. Sehemu ya damu inatunzwa kwenye friza kwa ajili ya tafiti za baadaye, na nyingine inasafirishwa kwenda maabara ya nje ya nchi. Yote hayo yalielezwa kwa kurasa saba, na habari ya kujitoa ilikuwa ukurasa wa sita.

Mimi huanza na hiyo ya kujitoa, popote ilipo, maana ndipo unapogundua mambo ambayo timu yenyewe haijayaamua. Niliuliza swali moja: mtu akiacha mwezi wa tano, damu aliyotoa mwezi wa kwanza inakwenda wapi? Mratibu akasema inaharibiwa. Mtu wa maabara akasema inabaki, kwa sababu imeshagawanywa kwenye vichupa vidogo na vingine vimeshasafiri. Mtakwimu akasema hata vichupa vikiharibiwa, majibu yaliyokwisha kuingia kwenye hesabu hayatoki. Watu watatu, majibu matatu. Hapo hakuna lugha nyepesi itakayosaidia, kwa sababu hakuna kitu cha kurahisisha. Lazima kwanza wakae waamue.

Wakaamua, na ni vizuri kuelewa kwa nini waliamua hivyo. Kichupa cha damu hakibandikwi jina, kinabandikwa namba. Kuna orodha moja inayoonyesha namba ipi ni ya nani, na inafungiwa kabatini mbali na maabara. Orodha hiyo ikiwepo, mtu akiacha, kichupa chake kinaweza kutafutwa na kuharibiwa, hata kilicho nje ya nchi, kwa kuiandikia maabara ile. Utafiti ukiisha orodha inaharibiwa ili kulinda siri ya watu. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeweza kusema kichupa hiki ni cha nani, hata mtafiti mkuu. Kwa hiyo ile "wakati wowote" ya mwanzo haikuwa kweli yote. Kuacha kutolewa damu, ndiyo, siku yoyote. Kuondoa damu iliyokwisha kutolewa kuna mwisho wake, na mshiriki anastahili kuujua kabla hajaweka sahihi.

Aya tuliyofikia ni hii:

> Unaweza kuacha siku yoyote. Huhitaji ruhusa ya mtu, na hutaulizwa sababu. Mwambie nesi wa utafiti, au piga simu kwa namba iliyo chini, au usije tu. Ukiacha kuja bila kusema, tutakupigia mara moja tu kukuuliza kama umeacha, kisha hatutakusumbua tena. Hutarudisha nauli wala kitu chochote ulichopewa. Mgonjwa wa nyumbani kwako ataendelea kupata dawa zake za TB bure kliniki, na wewe ukianza kukohoa utapimwa bure kama mtu mwingine yeyote.
>
> Ukiacha, utachagua kuhusu damu uliyokwisha kutoa: tuendelee kuitumia, au tuiharibu. Ukitaka iharibiwe, tuambie kabla utafiti haujaisha. Baada ya hapo tutakuwa tumeharibu orodha ya majina, na hatutaweza kujua damu ipi ni yako. Majibu ya vipimo tuliyokwisha kuyaingiza kwenye hesabu hayawezi kuondolewa, lakini hayana jina lako.

Ni ndefu kuliko sentensi ya zamani mara kadhaa. Watafiti wengi hudhani kurahisisha ni kufupisha. Kwenye karatasi hii kilichofupishwa ni historia ya kifua kikuu duniani, iliyokula ukurasa mzima wa kwanza na ambayo mshiriki haihitaji ili kuamua. Nafasi iliyopatikana ilitumika hapa.

Utafiti wa dawa una la ziada. Huko taarifa zilizokusanywa kabla mtu hajaacha kwa kawaida hubaki, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kama dawa ina madhara, na kuna dawa ambazo kuzikatiza ghafla kunaweza kumdhuru mtu. Basi iandikwe hivyo: ukitaka kuacha, njoo kwanza daktari akueleze namna ya kuacha salama.

Sasa madhara. Rasimu ilisema "madhara ni madogo na yanahusiana na zoezi la uchukuaji damu". Madogo kwa nani? Tuliandika kwamba sindano itauma kidogo, pengine mkono utavimba au kubaki na alama ya bluu siku chache, na wachache husikia kizunguzungu. Kiasi tukakiandika kwa kijiko cha chai, ambacho ni kama mililita 5: vijiko vinne kila mara, kumi na viwili kwa mwaka. Chini yake tukaongeza kwamba anayechangia damu hospitali hutoa takribani mililita 450 kwa siku moja. Mtu anayesikia "mililita 60" hana pa kuishika namba hiyo, na katika maeneo ambayo habari za mumiani bado zinasimuliwa, kuacha kiasi cha damu kielee hewani ni kuomba uvumi. Kwa sababu hiyohiyo usifiche kwamba damu inasafiri nje ya nchi. Taja inakwenda kupimwa nini, na useme kama itauzwa au la.

Lakini dhara kubwa la utafiti huu halikuwa kwenye sindano, na rasimu haikulitaja kabisa. Ni gari. Gari jeupe lenye nembo likisimama mbele ya nyumba mara tatu kwa mwaka, jirani anajua humo ndani kuna ugonjwa, na watu wengi wakisikia TB wanamalizia wenyewe kwa UKIMWI. Kuna mama anauza ndizi sokoni Tukuyu ambaye uvumi wa namna hiyo utamkosesha wateja. Kipengele cha siri kwenye rasimu kiliongelea kabati lenye kufuli na kompyuta yenye nywila, mambo ambayo jirani hayamhusu. Tukaandika waziwazi: "Watu wanaweza kutuona tukija kwako na kudhani wewe ni mgonjwa." Mara tu ilipoandikwa, timu ikaona yenyewe kwamba mshiriki apewe uchaguzi wa kukutana zahanati badala ya nyumbani, na nauli ya bajaji au bodaboda ikaingizwa kwenye bajeti.

Ridhaa nayo ina kikwazo cha huku kwetu ambacho violezo vya kutoka nje havikijui. Mtafiti akishapata kibali cha utafiti anapita mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Ni utaratibu na ni heshima. Shida ni kwamba mara nyingi mtendaji ndiye anayewaita watu, na mtu aliyeitwa na mtendaji haji akiwa na wazo kwamba anaweza kukataa. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza, juu kabisa, tuliweka: "Uongozi wa kijiji umeturuhusu kuingia kijijini. Haujakubali kwa niaba yako. Ukikataa, hatutawaambia." Sentensi hiyo ya mwisho iliwatia hofu kidogo watafiti, maana ilibidi waitekeleze, yaani waache kumpa mwenyekiti orodha ya waliokubali, jambo ambalo walikuwa wakilifanya kwa nia njema.

Kwa asiyejua kusoma, karatasi husomwa kwa sauti mbele ya shahidi, kisha anaweka dole gumba na shahidi anasaini. Shahidi huyo asiwe mtumishi wa utafiti, na ningesema asiwe balozi wala mtendaji pia, kwa sababu ileile. Jirani anayejua kusoma anatosha, mshiriki akimchagua mwenyewe. Na mama akisema anataka kwanza kuongea na mzee nyumbani, aachwe aende na karatasi. Nesi arudi siku nyingine.

Rasimu ikishatulia, tunaijaribu kwa watu wa aina ileile watakaoisoma, wasio washiriki. Usiwaulize "mmeelewa?" Watasema ndiyo, ni adabu. Wape jambo la kutenda: "Mama, tuseme umeshatolewa damu mara moja, halafu hutaki tena. Utafanyaje?" Mama mmoja wa makamo alijibu, "Nitamwomba daktari aniruhusu." Alikuwa amesikia kwamba ana haki ya kujitoa, lakini kwake haki hiyo ilikuwa mikononi mwa daktari. Ndipo yakaingia maneno "huhitaji ruhusa ya mtu". Kijana mmoja akauliza kama akiacha atadaiwa nauli aliyopewa, na jibu lake likaingia pia. Mzee mmoja, tulipomuuliza utafiti utamfaidia nini, alisema atapona kifua. Hiyo ndiyo hatari zaidi kuliko zote, kwa sababu anayedhani anatibiwa hawezi kuacha kwa uhuru. Tukaweka sentensi fupi peke yake kwenye mstari: "Utafiti huu hautibu." Watu waliofuata hawakurudia jibu la mzee.

Fanyeni jaribio hili kabla ya kupeleka maombi. Kamati huidhinisha toleo mahususi, lenye namba na tarehe chini ya ukurasa, na kubadili hata sentensi moja baadaye kunahitaji kuomba idhini ya marekebisho. Na mnapojaza namba za simu, ziwe mbili: ya timu, na ya kamati ya maadili, kwa mtu ambaye malalamiko yake ni juu ya timu yenyewe. Zipigeni zote mbili kwanza, saa za jioni, wakati watu wa huku wametoka shambani, muone kama kuna anayepokea.