Fremu 4, rangi 3: jinsi ya kumtembeza mtu wa pikseli bila miguu kuteleza

Watu wakiniuliza kuhusu animesheni ya kutembea kwenye pikseli ati, swali la kwanza huwa ni fremu ngapi, na mi nawajibu 4 zinatosha kabisa kwa mtu mdogo wa pembeni, yaani anayeonekana ubavuni akienda kulia. Shida haiko kwenye idadi ya fremu. Shida iko kwenye vitu viwili ambavyo wengi wanavipita haraka: mguu upi ni upi, na mguu uliokanyaga chini unaenda wapi. Hivyo viwili ndo nataka tuvichambue leo kwa mfano mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kanvasi yetu ni pikseli 16 kwa upana na 24 kwa urefu. Kichwa pikseli 8, kiwiliwili 8, miguu 7, jumla 23, kwa hiyo mstari mmoja wa juu kabisa unabaki wazi na tunauacha makusudi, utaona kazi yake mbele. Rangi ni 3 tu ukiacha ile ya uwazi, kama ilivyokuwa kwa spraiti za Game Boy na NES, ambako kila spraiti ilipewa nafasi 4 za rangi na moja kati ya hizo ni uwazi. Kwenye Aseprite, programu ya kuchorea pikseli, weka Color Mode iwe Indexed mapema kabisa, ili usijikute una vivuli kumi vya kahawia ambavyo hukuviomba.

Sasa hizo 3 uzigawe kwa mwanga, usizigawe kwa jina la rangi. Moja nzito, karibu nyeusi. Moja ya kati. Moja nyepesi. Zigeuze ziwe za kijivu uone, kama ya kati na nyepesi zinakaribia kufanana basi hata kama moja ni nyekundu na nyingine ni ya kijani, kwenye ukubwa huu macho yatazichanganya tu. Kwa huyu mtu wetu nzito inabeba nywele, viatu na mistari ya nje, ya kati inabeba shati na suruali, nyepesi inabeba uso na mikono.

Halafu nzito ina kazi nyingine, na hii kwangu ndo kazi yake kubwa: mguu wa mbali. Mtu akionekana ubavuni ana mguu ulio karibu na sisi na mguu uliojificha nyuma yake. Ukiipaka miguu yote rangi ya kati, fremu ambayo mguu wa kulia uko mbele na fremu ambayo wa kushoto uko mbele zitakuwa picha moja ileile, na mtazamaji ataona mkasi unafunguka na kufunga badala ya mtu anayebadilisha miguu. Kwa hiyo mguu wote wa mbali, kuanzia nyonga mpaka kiatu, paka nzito. Usitafute kuuwekea pindo wala mwanga, uache uwe kivuli kizima. Mguu wa karibu ubaki rangi ya kati na kiatu chake kizito, na pale unapopita juu ya ule wa mbali rangi zenyewe zinatenganisha bila mstari wowote wa katikati.

Twende kwenye fremu. Mzunguko kamili ambao wachoraji wengi wa animesheni wanautumia una pozi 4 kwa kila hatua: kukanyaga, kushuka, kupishana, kupanda. Hatua mbili ni fremu 8. Sisi tunatoa kushuka na kupanda, tunabaki na kukanyaga na kupishana, mara mbili. Fremu ya 1 mguu wa karibu umekanyaga mbele na wa mbali uko nyuma. Fremu ya 2 mguu wa karibu umenyooka chini ya mwili ukibeba uzito, wa mbali umeinuka unapita. Fremu ya 3 wa mbali umekanyaga mbele, wa karibu uko nyuma. Fremu ya 4 wa mbali umebeba uzito na wa karibu ndo unapita. Kwa nini hizi mbili zinabaki na zile nyingine zinaweza kutoka? Kwa sababu zina maumbo yanayotofautiana zaidi, moja miguu imetanuka kabisa na nyingine imekusanyika, na jicho likipewa ncha hizo mbili linajaza kati lenyewe.

Kwenye fremu ya 2 na ya 4 inua kichwa na kiwiliwili pikseli 1 juu. Ndo maana tuliacha ule mstari wazi. Mguu ukinyooka nyonga inapanda, ukitanuka nyonga inashuka, na pikseli 1 hapa ni ya kutosha, ukiweka 2 mtu wa urefu huu anaanza kurukaruka. Mguu uliobeba uzito unaurefusha uwe pikseli 8 ili kiatu kisiachane na ardhi. Kama ana nywele ndefu au mkia wa kitambaa, acha ncha yake ibaki chini wakati kichwa kinapanda, pikseli moja au mbili tu zinazochelewa, na mwili wote utaonekana una uzito.

Hapa sasa ndo penyewe, nyayo. Chukua pikseli ya katikati ya kiatu, viatu vyetu vina upana wa pikseli 3, na hesabu iko safu ya ngapi kutoka kushoto. Kwenye fremu ya 1 kiatu cha mbele weka safu ya 11 na cha nyuma safu ya 5. Tofauti ni 6, na hiyo 6 ndo urefu wa hatua ya huyu mtu. Mguu uliokanyaga unatakiwa urudi nyuma kwa mwendo sawa kwa sababu kiukweli haurudi nyuma, umetulia ardhini na mwili ndo unasonga mbele. Hatua ina fremu mbili, 6 gawanya kwa 2 ni 3, kwa hiyo kiatu hicho kiwe 11, kisha 8, kisha 5. Wengi wanachora fremu ya kupishana kwa macho tu na kiatu kinaangukia safu ya 9, inakuwa 2 halafu 4, na mwendo unakuwa wa kusitasita hata ukibadilisha spidi mara mia. Ukiona mtu wako anavuta hatua halafu anasita, usiguse spidi kwanza, kahesabu safu.

Mguu unaopita hewani hauna masharti hayo kwa sababu haujagusa kitu. Kihesabu ungekuwa safu ya 8 pia, lakini ungejificha nyuma ya mwenzake na umbo lingekuwa nguzo moja. Mi napeleka goti mbele safu ya 10 na kiatu nakiacha nyuma safu ya 6, kimeinuliwa pikseli 2 kutoka chini. Hapo unaona mguu umekunjwa hata ukipaka fremu nzima rangi moja.

Na zipake rangi moja kweli, ni kipimo kizuri. Nakili fremu zote 4, zijaze nzito tupu, halafu linganisha miguu ya fremu ya 1 na ya 3, kisha ya 2 na ya 4. Maumbo ya miguu yatakiwa yawe sawasawa. Kama fremu ya 3 imetanuka pikseli 1 zaidi ya fremu ya 1 basi mtu wako anachechemea, na ukiwa na rangi zote utakuwa unahisi kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini.

Mikono ni rahisi zaidi ila ina mtego wa rangi. Mkono wa karibu unaenda kinyume na mguu wa karibu: nyuma kwenye fremu ya 1, katikati kwenye ya 2, mbele kwenye ya 3, katikati tena kwenye ya 4, kwa hiyo sehemu ya juu ya mwili unaichora mara 3 tu na moja unairudia. Mtego ni kwamba mkono wenye shati rangi ya kati juu ya kiwiliwili rangi ya kati unapotea kabisa. Mpe shati la mikono mifupi, mkono uwe nyepesi, imeisha. Mkono wa mbali ni pikseli mbili nzito zinazochungulia mbele ya tumbo kwenye fremu ya 1, na nyuma ya mgongo kwenye fremu ya 3, zaidi ya hapo ni fujo.

Wakati unachora washa kivuli cha fremu iliyopita kwa F3 na dirisha dogo la F7 liwe wazi kwa ukubwa halisi, maana ukikuza mara 20 kila kitu kinapendeza. Uso usiuguse kati ya fremu, unapanda na kushuka mzima. Pikseli moja nyepesi ikihama peke yake usoni inameta kama nzi na inaiba macho yote kutoka kwenye miguu.

Muda: fremu ya Aseprite inaanza na milisekunde 100, na kwa fremu 4 hiyo ni hatua 5 kwa sekunde, mtu anakimbizana. Weka 150. Kwenye gemu ya tiki 60 kwa sekunde hiyo ni tiki 9, na ndani ya tiki 9 mwili unatakiwa usonge pikseli 3, yaani pikseli 1 kila tiki 3, pikseli 20 kwa sekunde, ila kodi inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo fremu ya 1 huko ni 0:

```
fremu = Math.floor(tiki / 9) % 4
x = Math.floor(tiki / 3)
```

Ukiangalia kwa makini sana utaona ndani ya kila fremu kiatu bado kinatambaa pikseli 2 kabla fremu mpya haijakirudisha mahali pake. Ni kweli, na haiepukiki mwili ukisogea laini kuliko fremu zinavyobadilika. Unaweza kuusogeza mwili pikseli 3 kwa mkupuo kila fremu inapobadilika, kiatu kitaganda kabisa, lakini kama kamera inamfuata mandhari yote itaruka nayo. Kamera ikiwa imetulia napenda huo mkupuo, kamera ikitembea nachagua laini. Kinachoharibu kweli ni spidi isiyolingana na hatua, mfano ukimpeleka pikseli 40 kwa sekunde na fremu zilezile, hapo kila hatua inateleza na haitarudi mahali pake kamwe. Akihitaji kwenda haraka fupisha muda wa fremu kwa kiasi hichohicho au mchoree kukimbia.

Kusimama kwake kuchore kutoka fremu ya 2, shusha tu ule mguu ulioinuka, ili kichwa kiwe kimo kilekile. Mchezaji akiachia kitufe mtu akiwa fremu ya 2 au ya 4, msimamishe hapohapo. Akiwa fremu ya 1 au ya 3 muache amalizie mpaka fremu inayofuata, akisonga zile pikseli zilizobaki, ndo asimame. Kuanza ni kinyume, kitufe kikibonyezwa nenda moja kwa moja fremu ya 1, usimcheleweshe hata tiki moja.